Slaisa inayochuja nusu ya ripoti: kisa cha faili la korosho Masasi

Zilikuwa zimebaki siku nne tu kabla ya mkutano wa wanachama, dada katibu wa chama kimoja cha msingi akaja hapa ofisini kwangu Masasi na laptopu imefungwa kwenye kitenge. Mimi nafanya kazi za kompyuta kwa watu wa aina hiyo, vyama vya msingi, maduka ya pembejeo, shule, na msimu wa korosho ukiisha ndo napata wateja wengi manake kila mtu anataka ripoti. Akaniambia, "Mdogo wangu, mwaka jana nilisimama mbele na karatasi 12, mzee mmoja akaniuliza kituo chetu daraja la pili mnada wa tatu tulipata kilo ngapi, nikawa nafunua karatasi mpaka watu wakaanza kupiga kelele. Mwaka huu kijana mmoja kaniwekea vitufe, unabonyeza tu inatokea. Lakini nikibonyeza naona kama inadanganya."

Hilo neno "inadanganya" ndo lilinifanya nikae chini na lile faili la Excel nusu siku nzima, kwasababu alikuwa sahihi kabisa na vitufe vyenyewe havikuwa na kosa. Naeleza kisa chote hapa kwasababu nimeshaona makosa hayahaya kwenye mafaili zaidi ya matatu, na ni makosa ambayo hayatoi eror yoyote, ripoti inang'aa tu huku namba zake hazikubaliani.

Kwanza faili lenyewe lilivyokuwa. Kuna shiti ya data ambayo kila mstari ni mzigo mmoja uliopokelewa ghalani, safu tisa, Tarehe, Stakabadhi, Mkulima, Kituo, Daraja, Mnada, Kilo, Malipo, Bei. Mistari 1,846 bila kichwa. Vituo vya kupimia viko vinne, Sokoni, Shuleni, Kisimani na Mwembeni, minada ilikuwa tisa, madaraja mawili. Halafu kuna pivoti mbili, yaani majedwali yanayojumlisha data kwa makundi, moja ya kilo kwa kituo, nyingine ya malipo kwa mnada, na hiyo ya pili ndo imebeba chati ya nguzo. Juu kaweka slaisa moja ya Kituo.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, slaisa ni chujio la pivoti lililogeuzwa kuwa kijisanduku chenye vitufe, kila thamani iliyopo kwenye safu inapata kitufe chake, unabonyeza Sokoni pivoti inabaki na ya Sokoni tu na kitufe kinakoza rangi. Ile njia ya zamani ya kuweka Kituo kwenye eneo la Filters juu ya pivoti nayo inachuja, tatizo lake ukichagua vituo viwili inaandika (Multiple Items) basi, mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi anaangalia projekta hajui ni vituo vipi. Slaisa inamwonyesha. Kwa mkutano wa wakulima hiyo tofauti ni kubwa kweli, kwasababu mtu anayeuliza swali anataka aone jina la kituo chake limekoza pale ukutani kabla hajaiamini namba.

Kuiweka ni kazi ya sekunde, unabonyeza popote ndani ya pivoti, unaenda PivotTable Analyze, Insert Slicer, unatiki safu unazotaka, OK. Ila kama Insert Slicer imefifia haibonyezeki angalia jina la faili, likiishia na .xls ni lile umbo la zamani la kabla ya 2007 na slaisa zimeanza Excel 2010, kwahiyo lisevu upya kama .xlsx, lifunge, lifungue tena. Hilo la dada katibu lilikuwa .xlsx, tukaendelea.

Nikamwambia abonyeze Mwembeni. Jedwali la kilo likabadilika palepale. Chati ya malipo haikutikisika. Akabonyeza Kisimani, jedwali likabadilika tena, chati imetulia vilevile na nguzo zake tisa. Hapo fikiria mkutano, kitufe cha Kisimani kimekoza, jedwali linasema Kisimani, na pembeni kuna chati kubwa ya malipo ya chama kizima, nani atajua kwamba ile chati si ya Kisimani? Watu wa Kisimani watatoka pale wakiamini wamelipwa hela za vituo vinne.

Sababu ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni kwamba slaisa haijaunganishwa na pivoti ya pili, na ndivyo inavyokuwa siku zote, slaisa ukiiweka inaijua ile pivoti uliyokuwa umesimama ndani yake tu. Unabonyeza slaisa, kule juu inatokea tabu ya Slicer, unabonyeza Report Connections, linafunguka dirisha lenye orodha ya pivoti na viboksi vya kutiki. Unatiki zote, basi. Nikafungua. Orodha ilikuwa na pivoti moja tu. Ile ya chati haikuwepo kabisa kwenye orodha, siyo kwamba haijatikiwa, haipo.

Hapa ndo wengi wanakwama na wanaamua kuweka slaisa ya pili kwa ajili ya chati, matokeo yake ukurasa una slaisa mbili za Kituo zinazofanana na anayebonyeza lazima akumbuke kubonyeza zote. Usifanye hivyo. Pivoti kukosekana kwenye orodha ni dalili inayokwambia kitu kikubwa zaidi, kwamba hizo pivoti mbili hazinywi kisima kimoja.

Iko hivi. Pivoti haisomi shiti yako moja kwa moja kila unapobonyeza, inapotengenezwa inachukua nakala ya data na kuiweka ndani ya faili, hiyo nakala inaitwa kache. Pivoti zilizotoka kwenye kache moja zinaweza kushikwa na slaisa moja, zenye kache tofauti haziwezi, na orodha ya Report Connections haitakuonyesha za kache nyingine. Sasa kwanini mbili za faili moja, shiti moja, ziwe na kache mbili? Nikasimama kwenye pivoti ya kwanza nikabonyeza Change Data Source nikasoma:

```
Data!$A$1:$I$1204
```

Nikaenda ya pili:

```
Data!$A$1:$I$1847
```

Nikamuuliza dada katibu, hii ya kwanza ilitengenezwa lini? Akasema mwezi wa 11, yule kijana alikuja mara mbili, mara ya kwanza minada ilikuwa bado inaendelea, akarudi mwezi wa 1 akaongeza chati. Basi picha ikakamilika. Mwezi wa 11 data ilikuwa imefika mstari wa 1204, akatengeneza pivoti. Baadaye mistari ikaongezeka mpaka 1847, akatengeneza nyingine kwa eneo jipya, na ile ya zamani ikabaki inasoma mpaka palepale 1204, hata ukibonyeza Refresh mara mia. Mistari 643 ya mwisho wa msimu haikuwemo kwenye jedwali la kilo. Tukaondoa chujio lote nikamwonyesha, jedwali linasema jumla kilo 118,450, nikaijumlisha safu ya Kilo kwenye data ikaja 171,900. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Hizi ndo zingeniua kule mbele."

Kwahiyo kama slaisa yako inakataa kuunganisha pivoti, kabla hujahangaika na slaisa nenda kalinganishe Change Data Source ya kila pivoti. Mara nyingi utakuta maeneo tofauti, na maana yake ripoti yako ilikuwa na kosa hata kabla hujaweka kitufe chochote.

Kurekebisha kuna mpangilio wake. Nilianza na data, nikasimama ndani yake nikabonyeza Ctrl+T ili iwe tebo rasmi, nikatiki kwamba ina vichwa, halafu kwenye Table Design nikaipa jina tblMizigo. Faida ya tebo ni kwamba karani akiandika mstari mpya chini yake inajinyoosha yenyewe, na pivoti inayosoma tblMizigo haina namba ya mstari wa mwisho ya kupitwa na wakati, unabonyeza Refresh tu. Halafu nikarudi pivoti ya kwanza, Change Data Source, nikafuta lile eneo nikaandika tblMizigo. Hii inabidi ifanyike wakati slaisa bado imeshika pivoti moja tu, kwasababu ikishashika mbili au zaidi Excel inakataa kubadilisha chanzo cha mojawapo mpaka kwanza uichomoe kwenye slaisa, na ujumbe wake ni mrefu watu wanauogopa wanafunga.

Ile pivoti ya pili nikaifuta na chati yake. Najua inauma kufuta chati iliyopakwa rangi vizuri lakini njia ya uhakika ya kupata pivoti mbili za kache moja ni kunakili. Nikaichagua pivoti ya kwanza yote, Ctrl+C, nikaibandika pembeni, halafu kwenye ile nakala nikatoa Kituo nikaweka Mnada, nikatoa Kilo nikaweka Malipo, nikatengeneza chati juu yake. Nakala imezaliwa kwenye kache ileile. Nikafungua Report Connections, zote mbili zipo.

Kitu kidogo ambacho kitakuokoa, zipe pivoti majina. Kwenye dirisha la Report Connections zinatokea kwa jina na shiti, na kama ni PivotTable1, PivotTable4, PivotTable7 hutajua unatiki nini. Kule PivotTable Analyze upande wa kushoto kabisa kuna boksi la PivotTable Name, nikaandika pvtKilo na pvtMalipo.

Na pivoti zenyewe nikazihamishia shiti yake inayoitwa Hesabu, shiti ya Ripoti ikabaki na chati na slaisa na namba chache kubwa. Sababu ni kwamba pivoti inatanuka na kunywea kadri unavyochuja, ukiziweka mbili juu na chini, siku mtu anaondoa chujio ile ya juu inataka mistari zaidi inagonga ya chini, Excel inagoma inasema pivoti haziwezi kupandana. Mbele ya watu. Na hata isipogoma, safu zinabadilisha upana kila unapobonyeza na slaisa zinacheza cheza kama boti bandarini. Ukizibakiza shiti moja basi angalau nenda PivotTable Options uondoe tiki kwenye Autofit column widths on update. Slaisa inakatwa Ctrl+X inabandikwa shiti nyingine na bado inashika pivoti zake, hakuna kinachokatika.

Tukabonyeza Mwembeni. Jedwali likabadilika, chati ikabadilika. Dada katibu akacheka kwa furaha, mimi nikawa naangalia vitufe nikaona viko vitano. Vituo ni vinne.

Kulikuwa na Mwembeni mbili. Zimeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, moja juu ya nyingine. Ukibonyeza ya kwanza kilo 52,310, ya pili kilo 3,870. Yaani mzee wa Mwembeni angeuliza, tungebonyeza ile ya juu, na kilo 3,870 za majirani zake zingepotea hewani bila mtu kujua, labda wenyewe.

Slaisa inatengeneza kitufe kwa kila thamani tofauti, herufi kubwa na ndogo haijali, MWEMBENI na Mwembeni inazihesabu moja, lakini nafasi inaijali. Nikachukua mstari mmoja wa kile kitufe cha pili nikaweka LEN pembeni yake, Mwembeni ina herufi 8, ikaleta 9. Kuna nafasi nyuma. Nikaweka TRIM, bado 9! Hapo ukishaona TRIM imeshindwa jua si nafasi ya kawaida, ni ile nafasi isiyokatika ambayo Excel inaijua kwa namba 160 na TRIM haiigusi, mara nyingi inakuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za mtandao. Dada katibu akakumbuka, karani wa Mwembeni wiki mbili alikuwa mgonjwa, mwenzake akawa anatuma orodha kwa wasapu, na yeye dada anaifungua kwenye brauza ya laptopu anakopi anabandika. Nikaongeza safu ya muda pembeni ya tebo:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(D2,CHAR(160)," "))
```

D ndo safu ya Kituo. Ikashuka mpaka chini, nikanakili matokeo, nikayabandika juu ya safu ya Kituo kama thamani tupu kwa Paste Special, Values, nikaifuta ile safu ya muda, Refresh. Kilo zote 56,180 zikahamia kwenye Mwembeni moja. Ila kitufe cha pili kikabaki pale, kimefifia, kama mzimu. Si data, ni kumbukumbu ya kache. Bonyeza kulia kwenye slaisa, Slicer Settings, ondoa tiki kwenye Show items deleted from the data source. Na kama unataka kisirudi kabisa, PivotTable Options, tabu ya Data, Number of items to retain per field weka None, halafu Refresh.

Kabla sijaendelea nikafanya hesabu ambayo sasa nafanya kwenye kila faili lenye slaisa. Unabonyeza kitufe kimoja kimoja unaandika namba, halafu unajumlisha. Sokoni 48,640, Shuleni 39,275, Kisimani 27,805, Mwembeni 56,180. Jumla 171,900, sawa na ya safu nzima ya data. Isipolingana ujue kuna kitufe hujakiona, mara nyingi kiko chini kabisa kinaitwa (blank), mizigo ambayo karani hakuandika kituo.

Tukaongeza slaisa mbili, Daraja na Mnada, na kila moja nikaitiki kwa pivoti zote mbili. Mnada ukawa na kasoro nyingine ndogo lakini isiyo ya msimu huu, wameandika Mnada 1 mpaka Mnada 9, mwakani wakifika wa 10 kitufe chake kitakaa kati ya Mnada 1 na Mnada 2 kwasababu ni maandishi yanapangwa kwa herufi. Nikabadilisha yote kuwa Mnada 01, 02. Nikavipanga kwa mlalo, kwenye tabu ya Slicer sehemu ya Columns nikaweka 9, vikawa mstari mmoja juu ya chati.

Sasa linakuja lile ambalo mimi naliona zito kuliko yote, manake linahusu bei, na huku kwetu mkulima anaweza kukusamehe kilo lakini bei hapana. Juu ya ripoti kulikuwa na boksi kubwa, Jumla ya kilo, na lingine, Bei ya wastani kwa kilo. La kwanza lilikuwa na SUM ya safu ya data. Bonyeza kitufe chochote unachotaka, halibadiliki. Fomula za kawaida, SUM, SUMIFS, hazijui kama kuna slaisa duniani, slaisa ya pivoti inaigusa pivoti tu. Ukitaka namba ya nje ifuate kitufe lazima ichote ndani ya pivoti. Andika alama ya sawasawa, halafu nenda ubonyeze seli ya jumla kuu ndani ya pivoti, Excel inaandika yenyewe kitu kama hiki:

```
=GETPIVOTDATA("Kilo",Hesabu!$A$3)
```

Hiyo inafuata vitufe, na haipotei hata pivoti ikinywea mistari. Sharti moja, jumla kuu iwe inaonekana kwenye pivoti, ukizima Grand Totals inakupa #REF!.

Boksi la bei ndo lilikuwa na mtego. Yule kijana aliongeza safu ya bei kwenye data, akaiweka kwenye pivoti, akabadilisha Sum kuwa Average. Inaonekana ya haki. Lakini Average ya pivoti inahesabu mistari, haiangalii uzito. Nikamwonyesha dada katibu kwa mizigo mitatu kwenye karatasi, namba za kuelewesha tu. Mzigo wa kilo 900 umeuzwa 3,000 kwa kilo, mwingine kilo 60 kwa 2,400, mwingine kilo 40 kwa 2,400. Average ya mistari ni 3,000 jumlisha 2,400 jumlisha 2,400 gawa kwa 3, inakuja 2,600. Lakini hela iliyoingia ni 2,940,000 kwa kilo 1,000, yaani 2,940 kwa kilo. Tofauti shilingi 340 kwa kila kilo, na hakuna aliyeiba, ni hesabu tu imekosewa. Na ukianza kubonyeza vitufe inakuwa mbaya zaidi, kituo ambacho wakulima wake wengi wadogo wa magunia mawili matatu waliuza kwenye minada ya bei ya chini kitaonekana kimeuza kwa bei ya chini kuliko kilivyouza. Mkutano ungeanza kunuka hapo.

Dawa yake ni sehemu ya kukokotoa ndani ya pivoti yenyewe. PivotTable Analyze, Fields, Items & Sets, Calculated Field, jina nikaandika BeiWastani, fomula:

```
=Malipo/Kilo
```

Hii inajumlisha kwanza Malipo yote yaliyobaki baada ya kuchuja, inajumlisha Kilo zote zilizobaki, ndo inagawa. Kitufe chochote utakachobonyeza inatoa bei ya kweli ya mzigo ule. Pivoti itaipa jina la Sum of BeiWastani, usishtuke, haijumlishi bei. Ila hakikisha safu ya Malipo ni thamani ya mnada kabla ya makato, hapa chama kilikuwa kinaweka makato safu nyingine kwenye faili lingine, vizuri. Ukichanganya, bei itakayotokea si ya mnada wala si ya mfukoni kwa mkulima.

Nikafunga ukurasa. Bonyeza kulia kwenye kila slaisa, Size and Properties, chini ya Properties ondoa tiki ya Locked, na kule Position and Layout tiki Disable resizing and moving ili mtu mwenye mkono mzito wa mausi asiiburute. Halafu Protect Sheet kwa shiti ya Ripoti. Kama pivoti ingekuwa humohumo ningelazimika kutiki pia Use PivotTable & PivotChart kwenye lile dirisha, la sivyo vitufe vinagoma, na hata hapo Refresh isingefanya kazi mpaka ufungue ulinzi. Kwahiyo Hesabu nikaiacha wazi bila ulinzi, nikaificha tu.

Mkutano nilienda, nikakaa kwenye laptopu mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisimani akauliza daraja la pili, mnada wa 2. Nikabonyeza Kisimani, nikabonyeza Daraja la pili, na kabla sijabonyeza mnada ukumbi mzima ukaona vitufe vya Mnada 02 na Mnada 05 vimefifia. Dada katibu akaeleza vizuri kuliko nilivyotegemea, "Mama, kikipauka hivi maana yake hakuna mzigo, mnada wa pili Kisimani hamkuwa na daraja la pili, yote ilipita daraja la kwanza." Yule mama akageuka kwa wenzake wakasemezana, akasema ni kweli, mvua ilikuwa haijaanza. Hiyo rangi ya kufifia ni ya kuachwa kama ilivyo. Kuna watu wanatiki Hide items with no data ili vitufe vitupu visionekane, ukurasa unakuwa msafi lakini yule mama angeona mnada wa 2 haupo kabisa angeuliza mmeuficha wapi.

Baada ya mkutano vijana wakamzunguka katibu, tutumie hilo faili kwenye grupu. Hapo nikamzuia mkono. Slaisa inachuja kinachoonekana, haifichi kitu. Yeyote atakayefungua lile faili akibonyeza mara mbili namba yoyote ndani ya pivoti, Excel inamfungulia shiti mpya yenye kila mstari ulioijenga namba ile, jina la mkulima, stakabadhi, kilo, malipo. Mtu atajua jirani yake amelipwa kiasi gani wiki gani. Na kufuta shiti ya Data hakusaidii kwasababu nakala iko kwenye kache ndani ya faili. Kuficha Hesabu hakusaidii, kufunua shiti ni kubonyeza kulia mara moja.

Kwahiyo tukatengeneza faili la pili kabisa, jipya, lisilotokana na kunakili lile la kwanza. Kutoka pivoti ya ndani nikatoa jumla kwa Kituo, Daraja na Mnada, Kilo na Malipo, bila Mkulima bila Stakabadhi, nikabandika kama thamani tupu. Vituo vinne mara madaraja mawili mara minada tisa ni mistari 72, ikaja 66 kwasababu ya vile vilivyofifia. Juu ya hiyo mistari 66 nikajenga pivoti mbili upya na slaisa zilezile tatu, BeiWastani inafanya kazi vilevile kwasababu inagawa jumla kwa jumla. Ukibonyeza mara mbili namba unapata mstari wa kituo na mnada tu. Nikajaribu mara tatu mbele ya dada katibu, akaridhika.

Lingine nililomwambia awaandikie kwenye grupu ni kwamba vitufe vinataka faili lifunguliwe ndani ya Excel, ukiangalia kwa kile kionyeshi cha wasapu au programu nyingine isiyozijua slaisa unaweza kukuta maboksi meupe yenye maandishi ya kiingereza kwamba umbo hili linawakilisha slaisa, faili halijaharibika. Kwa wenye simu ndogo tukaweka na PDF nne, moja kwa kila kituo, kitufe chake kikiwa kimekoza juu ya ukurasa.